Ufito kati ya kuta mbili: kwa nini mwanya wa milimita 0.3 hubadilisha jibu

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Tulipewa ufito wa chuma wenye urefu wa mita 1 na kipenyo cha milimita 20, umewekwa kati ya kuta mbili zisizosogea, halafu ukapashwa joto hadi halijoto yake ikapanda kwa nyuzi 60 za Selsiasi. Nilipata mkazo wa megapaskali 144 bila hata kuutumia urefu. Sehemu ya pili ilisema kulikuwa na mwanya wa milimita 0.3 upande mmoja. Nikaona milimita 0.3 si kitu mbele ya mita nzima, nikaupuuza, nikakosa alama zote. Mwanya mdogo hivyo unawezaje kubadilisha jibu, na kwa nini sasa urefu unahitajika?"

Marahaba. Jibu lako la sehemu ya kwanza ni sahihi. Kosa la sehemu ya pili limetokana na kuulinganisha mwanya na kitu kisichohusika nao. Mwanya haushindani na urefu wa ufito, ambao ni milimita 1,000. Unashindana na kiasi ambacho ufito ungerefuka kama ungeachwa huru, na kiasi hicho ni milimita 0.72 tu. Ukiuweka mwanya wa milimita 0.3 kando ya 0.72, unaona mara moja kwamba umekula zaidi ya sehemu mbili kwa tano za ongezeko lote la urefu, na mkazo nao unapungua kwa kiwango hichohicho, kutoka megapaskali 144 hadi 84.

Naomba tulijenge jibu hilo kuanzia chini, kwa sababu wanafunzi wengi hupata 144 kwa kukariri fomula, na fomula iliyokaririwa haiwaambii la kufanya pale mwanya unapoingia.

Joto peke yake halileti mkazo. Ufito uliolazwa juu ya meza ukipashwa joto unarefuka kwa raha yake, na ndani yake hakuna sehemu inayosukuma nyingine. Mkazo unazaliwa pale ambapo ufito unataka kurefuka na kitu kinauzuia. Hapa ndipo panapozuka fumbo ambalo huwasumbua hata wanafunzi makini: katika sehemu yako ya kwanza, isiyo na mwanya, ufito ulikuwa na milimita 1,000 kabla ya kupashwa joto, na baada ya kupashwa joto bado una milimita 1,000. Urefu haukubadilika hata kidogo. Tumezoea kufundishwa kwamba mkazo huendana na badiliko la urefu. Basi mkazo huu mkubwa umetoka wapi?

Umetoka kwenye tofauti kati ya urefu ambao ufito unao na urefu ambao ufito ungependa kuwa nao katika halijoto ile. Ufito wa baridi ungependa milimita 1,000, na ndizo ulizonazo, kwa hiyo umetulia. Ufito wa moto ungependa milimita 1,000.72, lakini umelazimishwa kubaki na 1,000, kwa hiyo umebanwa milimita 0.72 ingawa kwa macho haujafupika. Njia ya uhakika ya kulifikiri jambo hili ni kuugawa mchakato katika hatua mbili za kubuni. Kwanza, ondoa ukuta mmoja na uache ufito upate joto na urefuke kadiri upendavyo. Pili, ukiwa bado wa moto, chukua jeki uusukume urudi mpaka mahali ambapo ukuta unauruhusu kufika. Nguvu ya jeki hiyo ndiyo nguvu ambayo ukuta unaitoa kwa ufito. Hatua ya kwanza haina mkazo wowote, na ya pili ndiyo yenye mkazo wote.

Sasa tuziweke namba. Kwa chuma cha kawaida cha ujenzi, kizigeu cha mtanuko, α, ni takriban 0.000012 kwa kila nyuzi moja, maana yake kila milimita moja ya ufito huongezeka kwa sehemu 12 za milioni ya milimita kila halijoto inapopanda kwa nyuzi 1. Moduli ya unyumbufu, E, ambayo ni kipimo cha ugumu wa chuma, ni takriban gigapaskali 200, yaani nyutoni 200,000 kwa kila milimita ya mraba.

```
Ongezeko huru = αLΔT = 0.000012 × 1000 × 60 = 0.72 mm
Bila mwanya:    σ = E × 0.72 / 1000 = 144 MPa
Eneo la mkato:  A = π × 20² / 4 = 314 mm²
Nguvu:          P = 144 × 314 ≈ 45,200 N
```

Simama kidogo kwenye mstari wa mwisho. Kilonyutoni 45 ni sawa na uzito wa takriban tani nne na nusu, na zinatoka kwenye ufito ambao mtu anaubeba kwa mkono mmoja, kwa sababu tu umepata joto la nyuzi 60 zaidi na kunyimwa chini ya milimita moja ya nafasi. Ndiyo maana kosa la kuupuuza mwanya ni kubwa: tunashughulika na kitu kigumu sana, na kwa kitu kigumu namna hii kila sehemu ya kumi ya milimita ina bei yake katika nguvu.

Kuhusu urefu kutohitajika: umeuona mwenyewe bila kuutaja. Ongezeko huru ni `αLΔT`, na ili kupata mkazo tunaligawa kwa `L` na kuzidisha kwa `E`. Urefu umeingia juu na umeingia chini, ukajifuta, ukabaki `σ = EαΔT`. Maana yake halisi ni kwamba ufito mrefu hurefuka zaidi, lakini pia una chuma kingi zaidi cha kugawana mbano huo, na mambo haya mawili yanalingana sawasawa. Ufito wa nusu mita na ufito wa mita 50, vyote vikibanwa bila mwanya, vina mkazo uleule wa megapaskali 144.

Mwanya unapokuwepo, hatua ya kwanza ya kubuni haibadiliki: ufito unataka kurefuka milimita 0.72. Kinachobadilika ni hatua ya pili. Jeki haihitaji kuurudisha mpaka urefu wa awali, bali mpaka pale ulipo ukuta, na ukuta uko milimita 0.3 mbele zaidi. Kwa hiyo kiasi cha kubana ni tofauti peke yake, tukiuita mwanya δ.

```
Kiasi kilichobanwa = αLΔT − δ = 0.72 − 0.30 = 0.42 mm
σ = E(αLΔT − δ) / L = 200000 × 0.42 / 1000 = 84 MPa
P = 84 × 314 ≈ 26,400 N
```

Mtu mwenye jicho kali atauliza kama tugawe kwa 1,000 au kwa 1,000.72, kwa kuwa jeki ilianza kuusukuma ufito ukiwa tayari umerefuka. Kwa ukali wa hesabu ni 1,000.72, lakini tofauti yake ni chini ya sehemu moja kwa elfu, na moduli yenyewe hatuijui kwa usahihi wa namna hiyo. Gawa kwa urefu wa awali bila wasiwasi. Ila usije ukaongeza mwanya kwenye urefu wa ufito, ukaandika 1,000.3, kwa fikra kwamba mwanya ni sehemu ya kinachotanuka. Matokeo yatakaribiana sana na yangu, lakini wazo litakuwa si sahihi, kwani hewa iliyo ndani ya mwanya haina nafasi yoyote katika hesabu hii.

Ukiitazama fomula ya pili kwa utulivu, utapata jibu la swali lako kuhusu urefu. Ukigawa kila kitu kwa `L`, unabaki na `σ = E(αΔT − δ/L)`. Katika sehemu ya joto urefu umejifuta kama mwanzo, lakini mwanya haujifuti, kwa sababu mwanya haukui pamoja na ufito. Ni kipimo kilichowekwa na fundi, milimita 0.3 kwa ufito mfupi na milimita 0.3 hizohizo kwa ufito mrefu. Hapo ndipo urefu unaporudi, kama kigawanyo cha mwanya.

Athari yake ni kubwa kuliko wengi wanavyotarajia. Chukua mwanya uleule na joto lilelile, ubadilishe urefu tu. Ufito wa milimita 400 ungerefuka milimita 0.288, ambazo hazitoshi hata kuufikia ukuta, kwa hiyo mkazo wake ni sifuri. Ufito wa mita 1 una megapaskali 84. Wa mita 3 unataka kurefuka milimita 2.16, unabanwa 1.86, na mkazo wake ni megapaskali 124. Wa mita 10 unafika 138. Kadiri ufito unavyorefuka, mwanya wa milimita 0.3 unazidi kupoteza maana na mkazo unaikaribia 144 bila kuifikia. Kwa hiyo hisia yako kwamba "milimita 0.3 si kitu" ingekuwa karibu na ukweli kwa ufito wa mita 10, lakini si kwa wa mita 1.

Ipo namna nyingine ya kuusoma mwanya ambayo mimi naipenda zaidi kuliko fomula, kwa sababu inauonyesha mwenendo mzima na si hali ya mwisho tu. Ugeuze mwanya kuwa nyuzi za joto. Jiulize: halijoto ipande kiasi gani ndipo ufito uguse ukuta?

```
ΔTg = δ / (αL) = 0.3 / (0.000012 × 1000) = 25 °C
```

Kwa nyuzi 25 za kwanza ufito unatanuka bila kuguswa na kitu, na mkazo ni sifuri kabisa, si mdogo. Kuanzia hapo kila nyuzi moja inayoongezeka inaleta megapaskali 2.4, kiwango kilekile ambacho ufito usio na mwanya ungeanza nacho tangu nyuzi ya kwanza. Zimebaki nyuzi 35, na 35 mara 2.4 ni 84. Mwanya, kwa maneno mengine, haupunguzi ukali wa mkazo kupanda. Unachelewesha tu kuanza kwake. Ukichora mchoro wa mkazo dhidi ya halijoto, utapata mstari uliolala chini mpaka nyuzi 25, kisha mstari unaopanda sambamba na ule wa ufito usio na mwanya, ukiwa chini yake kwa megapaskali 60 daima.

Mstari huo uliolala unakuonya pia kuhusu kosa ambalo nimelikuta mara nyingi katika karatasi za majibu. Tuseme halijoto ingepanda kwa nyuzi 15 tu. Mtu anayeitumia fomula bila kufikiri ataandika `200000 × (0.18 − 0.30) / 1000` na kupata −24, kisha ataeleza kwamba ufito una mkazo wa mvutano wa megapaskali 24. Lakini ukuta ambao ufito haujaugusa hauwezi kuuvuta. Jibu ni sifuri. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza katika swali lolote lenye mwanya ni kulinganisha `αLΔT` na `δ` kabla ya kugusa moduli: ikiwa mwanya ni mkubwa au sawa, kazi imekwisha, ikiwa ni mdogo, ndipo endelea. Vivyo hivyo, mianya ikiwa pande zote mbili, ijumlishe kwanza, kwa kuwa ufito usioshikwa utateleza kuelekea upande wenye nafasi kabla haujabanwa.

Kuchelewa huko kuna tokeo moja ambalo halionekani katika swali la darasani, nalo ni kwamba ufito wenye mwanya una wepesi mkubwa wa kubadilika kwa makosa madogo ya taarifa. Chukua halijoto. Katika swali lako ufito wote ulipanda kwa nyuzi 60. Tuseme badala yake ncha moja ilipanda kwa nyuzi 60 na nyingine haikupanda kabisa, na kati yao halijoto ilishuka taratibu kwa kiwango kimoja. Kinachohesabika kwa ongezeko la urefu ni wastani, yaani nyuzi 30. Bila mwanya, mkazo unapungua nusu, kutoka 144 hadi 72, kama mtu angetarajia. Pamoja na mwanya, ongezeko huru ni milimita 0.36, ufito unabanwa milimita 0.06 tu, na mkazo unaanguka kutoka 84 hadi megapaskali 12. Nusu ya joto imeondoka, na karibu sehemu sita kwa saba za mkazo zimeondoka nayo. Ningependa pia ukumbuke kwamba, ingawa halijoto inatofautiana kutoka ncha hadi ncha, mkazo wa kubanwa ni mmoja katika ufito wote wenye unene mmoja, kwa kuwa nguvu inayoingia upande huu ndiyo inayotokea upande ule. Upande wa moto haubanwi zaidi ya upande wa baridi.

Chukua na mwanya wenyewe. Kwa ufito wa mita 1, kosa la milimita 0.05 katika kuupima mwanya ni kosa la megapaskali 10 katika jibu. Fundi makini mwenye fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya, anaweza kupima vizuri zaidi ya hapo, lakini kipimo chake hakina maana mpaka aseme ufito ulikuwa na halijoto gani alipopima. Kama michoro inadai mwanya wa milimita 0.3 katika nyuzi 20, naye akaupanga mwanya huo ufito ukiwa na nyuzi 30 wakati kuta hazikusogea, basi katika nyuzi 20 mwanya halisi ni milimita 0.42. Hizo milimita 0.12 za ziada zinaupunguza mkazo wa mwisho kwa megapaskali 24. Akipanga asubuhi penye baridi zaidi ya nyuzi 20, kosa linageuka upande wa hatari. Mwanya ulioandikwa bila halijoto yake ni taarifa nusu.

Mpaka hapa tumeziamini kuta kama zilivyoelezwa: hazisogei. Hilo ni dhana ya kurahisisha, na inafaa kujua ina gharama gani. Kila ukuta, hata wa zege nzito, unasogea kidogo unaposukumwa, na ufito wetu unasukuma kwa kilonyutoni nyingi. Ufito wenyewe una ugumu wa `EA/L`, yaani takriban kilonyutoni 62.8 kwa kila milimita unayoubana. Tuseme kuta zote mbili kwa pamoja husogea milimita 1 kwa kila kilonyutoni 100. Sasa zile milimita 0.42 za ziada zinagawanywa kati ya wawili: sehemu inaubana ufito, sehemu inasukuma kuta.

```
P = 0.42 / (1/62.8 + 1/100) ≈ 16.2 kN
σ = 16200 / 314 ≈ 52 MPa
```

Kuta zimesogea takriban milimita 0.16, na mkazo umeshuka kutoka 84 hadi 52. Ukuta unaolegea ni kama mwanya unaofunguka kadiri unavyosukumwa, na kwa sababu hiyo hesabu ya kuta ngumu kabisa hutoa mkazo wa juu kuliko uhalisia. Kwa anayeulizwa kama ufito utahimili, hilo ni kosa la upande salama. Kwa anayetegemea ufito ubane kitu kwa nguvu fulani, ni kosa la upande mbaya.

Nimeiacha kwa makusudi hoja ambayo naiona nzito kuliko zote, kwa sababu inaweza kulifanya jibu la 84 lisitokee kabisa. Megapaskali 84 ni mkazo mdogo kwa chuma ambacho huanza kuharibika umbo kwa kudumu karibu na megapaskali 250, na mwanafunzi akiona hivyo huandika kwamba ufito uko salama. Lakini ufito mwembamba unaobanwa kwa urefu wake hausubiri chuma kishindwe. Unapinda pembeni kwanza, kama fimbo unayoisukuma ardhini kwa kiganja. Leonhard Euler alitoa nguvu ya kikomo hicho katika mwaka 1744. Kwa ufito ambao ncha zake zinaweza kugeuka, ni hii, ambapo `I` ni kipimo cha jinsi umbo la mkato linavyopinga kupinda:

```
Pcr = π²EI / L²,   I = π × 20⁴ / 64 = 7854 mm⁴
Pcr = π² × 200000 × 7854 / 1000² ≈ 15,500 N
```

Linganisha na kilonyutoni 26.4 tulizozipata. Ufito huu, ncha zake zikiwa zinagusa tu kuta na zina uhuru wa kugeuka, hautazifikia kamwe. Utapinda ukiwa na mkazo wa megapaskali 49, na hilo litatokea halijoto ikiwa imepanda kwa nyuzi 45 au 46 tu: 25 za kuufunga mwanya, na takriban 20.6 za kufikia kikomo. Bila mwanya ungepinda katika nyuzi 20.6. Ncha moja ikiwa imejengwa imara ndani ya ukuta, na ya pili ikizuiwa kusogea pembeni, kikomo kinapanda mara mbili hivi, hadi takriban kilonyutoni 31.7, na hapo ndipo 26.4 zinawezekana na jibu lako la megapaskali 84 linasimama. Namna ncha zilivyoshikwa, jambo ambalo swali halikulitaja, ndiyo inayoamua kama jibu la swali ni la kweli.

Kuna jambo hapa ambalo kila ninapolifundisha huwa nalirudia mara mbili. Ukiiandika halijoto ya kupinda kwa ufito usio na mwanya, moduli ya unyumbufu inajifuta, kwa sababu inaongeza nguvu ya joto na nguvu ya kikomo kwa kipimo kilekile. Kinachobaki ni kizigeu cha mtanuko na wembamba wa ufito, yaani uwiano wa urefu na unene wake. Kwa hiyo mtu anayedhani ataponya tatizo kwa kununua chuma chenye nguvu zaidi hajaponya kitu. Ufito utapinda katika halijoto ileile. Dawa ni kuunenepesha, kuufupisha, kuushika katikati usiende pembeni, au kuupa mwanya mkubwa zaidi.

Na kupinda kwenyewe hakuhitaji vipimo vya kitaalamu kugundulika. Katika hali ya ncha zenye kugeuka, joto linapofika nyuzi 60 ufito una milimita 0.17 tu za urefu wa ziada baada ya kuanza kupinda, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini ufito unakimeza kwa kujikunja upinde, na upinde wa urefu wa mita 1 wenye ziada hiyo unatoka pembeni katikati yake kwa takriban milimita 8. Kwa hiyo nyoosha uzi kutoka ncha hadi ncha ya ufito wakati ukiwa wa moto. Ukiona nafasi kati ya uzi na ufito inakua halijoto inapopanda, nguvu iliyomo ndani imekoma kuongezeka karibu na ile ya Euler, na hesabu ya `E(αΔT − δ/L)` imeacha kuhusika tangu upinde ulipoanza.

Katika maabara unaweza pia kuukagua ufito baada ya kupoa. Ikiwa kila kitu kilibaki ndani ya unyumbufu, ufito hurudi kwenye urefu wake na fila geji inakuta milimita 0.3 zilezile. Tuseme umeshikwa sehemu kadhaa za urefu wake usipinde, na ukapashwa joto kwa nyuzi 150. Fomula ingedai megapaskali 300, lakini chuma kingeacha kupanda kwenye 250, na megapaskali 50 zilizokosekana zingegeuka kuwa ufupi wa kudumu wa milimita 0.25. Baada ya kupoa ungepima mwanya wa milimita 0.55 badala ya 0.3, na ufito ukiwa umenyooka. Hapo geji ingekuwa imekuonyesha kwa vipimo kiasi ambacho hesabu ya unyumbufu ilizidisha.